Kukagua kichwa ulichobadilisha kabla picha haijachapwa

Swali: "Nahariri picha za harusi. Katika picha ya familia mama wa bibi harusi alifumba macho, nikamchukulia kichwa kutoka picha iliyopigwa muda mfupi baadaye, nikakiweka kwa Photoshop. Mimi naona kimekaa, lakini kila anayeiona anasema kuna kitu hakiko sawa na hajui ni kipi. Naambiwa niigeuze, niitoe rangi, halafu niikuze hadi saizi yake kamili. Katika kila hatua natafuta nini hasa? Picha itachapwa inchi 20 kwa 30, na wote wamesimama nje kivulini."

Anayesema "kuna kitu" anakwambia kosa ni kubwa kuliko unavyodhani. Watu wasiohariri picha hawaoni ukingo wa maski wala chembechembe. Wanachokiona haraka ni kichwa kilichoinama vibaya, kilichozidi ukubwa, au kinachoangaziwa tofauti na shingo kiliyoikalia. Kwa hiyo anza na kugeuza, fuata na kutoa rangi, na kukuza kuje mwisho. Mpangilio huu una sababu ya kikazi: ukitumia saa nzima kusafisha ukingo wa nywele kisha ugundue kwamba kichwa kinahitaji kuzungushwa nyuzi mbili, ukingo wote utaufanya upya.

Kabla ya lolote, hakikisha kichwa cha zamani bado kipo kwenye leya ya chini, hakijafutwa. Kila kipimo utakachochukua kitalinganishwa na hicho, kwa sababu ndicho pekee unachojua kwa hakika kwamba kilikaa sawa juu ya mwili ule, chini ya mwanga ule. Kichwa kipya nacho kiwe Smart Object, ili ukikizungusha mara tatu au nne pikseli zisipikwe upya kila mara.

Sasa igeuze. Tumia `Image > Image Rotation > Flip Horizontal`, ambayo katika matoleo mengi imeandikwa `Flip Canvas Horizontal`. Usitumie `Edit > Transform > Flip Horizontal`, maana hiyo inageuza leya uliyoichagua tu, na utabaki na kichwa kilichogeuka juu ya mwili usiogeuka. Kwenye GIMP ipo njia isiyogusa picha yenyewe: `View > Flip & Rotate > Flip Horizontally`. Kwa Photoshop, rekodi amri hiyo kwenye paneli ya Actions na uipe kitufe kama F2, kwa sababu utaibonyeza mara nyingi.

Weka picha yote ionekane kwenye skrini kwa `Ctrl+0`, bonyeza, na uzingatie sekunde mbili tatu za kwanza. Jicho lako limeitazama picha hii kwa muda mrefu hadi limekubali mwinamo wa kichwa kuwa ndio hali yake. Ukiigeuza, mwinamo uliokuwa kushoto unahamia kulia, na kosa la nyuzi 2 linaonekana kama mruko wa nyuzi 4 kutoka pale jicho lilipozoea. Ndiyo maana kitu ulichoshindwa kukiona kwa saa nzima kinajitokeza papo hapo. Ukiendelea kukodoa macho dakika tano, jicho litaizoea na hali hiyo ya kugeuzwa pia. Bonyeza, tazama, rudisha, inuka kidogo, bonyeza tena.

Cha kwanza kukitafuta ni uhusiano wa kichwa na shingo. Tafuta shimo dogo la koo, pale mifupa miwili ya mtulinga inapokutana, kisha uone kidevu kimekaa wapi juu yake. Kama mama katika picha ya kwanza alielekea kamera na katika ya pili alimgeukia bibi harusi kidogo, kidevu kitahama, na shingo nayo hubadilika. Kichwa kikigeukia kulia, msuli wa upande wa kushoto wa shingo hujitokeza, ule unaotoka nyuma ya sikio hadi juu ya kidari. Kichwa kilichogeuka juu ya shingo ya mtu aliyenyooka kinapingana na msuli huo. Mtazamaji hatakuambia habari za msuli, atakuambia tu kwamba mama anaonekana ameshikizwa. Dawa si kuzungusha kichwa bali kuchukua shingo pamoja nacho, na kufanya maungio chini zaidi, kwenye ukosi, mkufu au pindo la mtandio, ambako tayari kuna mstari wa kuficha kazi.

Cha pili ni ukubwa. Picha mbili za kamera moja, lenzi moja na mahali pamoja zinatakiwa kukubaliana karibu sana, hivyo kama umekuza au kupunguza kichwa kwa zaidi ya asilimia 5, jiulize kwa nini. Huenda mpigapicha alisogea au alizungusha zumu. Tumia kipimo cha `Ruler Tool`: pima kutoka kona ya nje ya jicho moja hadi kona ya nje ya jicho jingine kwenye kichwa cha zamani, kisha kwenye kipya. Kona hizo zinaonekana hata macho yakiwa yamefumbwa. Ila kipimo hiki ni cha kuaminika pale tu nyuso zote mbili zinapoelekea upande mmoja, maana uso uliogeuka hupunguza umbali huo wenyewe. Hapo pima kutoka nyusi hadi kidevu, mdomo ukiwa umefungwa katika picha zote mbili. Akiwa anacheka katika picha mpya, kidevu kimeshuka na kipimo kitakudanganya.

Cha tatu, angalia kama wewe mwenyewe uligeuza kichwa wakati wa kukipachika ili kielekee upande uliotaka. Wengi hufanya hivyo na kusahau. Mwanga uliotoka kushoto sasa unatoka kulia, kipini cha pua kimehama tundu, mwanya wa nywele umehama upande, na baka au kidoti ambacho watoto wake wanakijua tangu utotoni kiko kwenye shavu jingine. Picha ya namna hiyo haina matengenezo. Tafuta kichwa kingine.

Ukiona kichwa kimelala, tumia `Ctrl+T`, sogeza kile kiduara cha mhimili hadi pale shingo inapoingia kwenye nguo, halafu zungusha nusu nyuzi kwa nusu nyuzi ukiandika namba juu kwenye upau badala ya kuvuta kwa mkono. Kiduara hicho kisipoonekana, kiwashe kwenye upau uleule wa juu. Ukizungusha kwa mhimili wa katikati ya uso, kidevu kinahama upande na maungio ya shingo yanaharibika, kumbe binadamu huinamisha kichwa kuanzia shingoni.

Picha ikitulia pande zote mbili, irudishe kwenye uelekeo wake wa kweli kabla ya kuendelea. Kwenye picha za harusi zetu ushahidi wa kusahau upo wazi: maneno ya kanga yatasomeka kinyume.

Hatua ya pili ni kuitoa rangi, na hapa njia unayotumia inabadilisha unachokiona. Usibadilishe faili lenyewe kuwa `Grayscale`, kwani utapoteza rangi. Wala usitegemee `Hue/Saturation` iliyoshushwa hadi -100. Njia hiyo huchukua wastani wa namba kubwa na ndogo ya kila pikseli, hivyo nyekundu kamili na bluu kamili zote zinakuwa kijivu cha 128, wakati jicho la binadamu linaona nyekundu ikiwa na mwanga zaidi sana kuliko bluu. Ngozi ina nyekundu nyingi, kwa hiyo utakuwa unapima kitu kisicho kweli. Tengeneza leya ya `Solid Color` ya rangi nyeusi, iweke juu kabisa, kisha badilisha hali yake ya kuchanganya iwe `Color`. Picha haitakuwa nyeusi. Itapoteza rangi na kubaki na mwangaza wake, ambapo kijani kinapewa uzito mkubwa, nyekundu wa kati na bluu mdogo. Kwa hesabu hiyo nyekundu kamili inakuwa 77 hivi na bluu kamili 28.

Rangi inapokuwepo, jicho hudanganywa na weusi au wekundu wa ngozi kufanana, likadhani mwangaza nao unafanana. Ikiondoka, uso unabaki kuwa madoa mepesi na mazito, na maswali yanabaki mawili tu: je, uso huu ni mwepesi au mzito kuliko unavyotakiwa kuwa juu ya shingo hii, na je, mwanga unaupiga kutoka upande uleule?

Kwenye swali la kwanza kuna mtego unaowaumiza wahariri wa harusi kuliko wengine. Mama wa bibi harusi kapakwa poda na fondesheni, na mara nyingi uso wake kweli ni mweupe kuliko shingo. Ukilazimisha uso ulingane na shingo utapata uso uliofifia ambao haumo katika picha nyingine yoyote ya siku hiyo. Kwa hiyo usilinganishe uso mpya na shingo moja kwa moja. Linganisha tofauti ya uso na shingo katika kichwa cha zamani na tofauti hiyohiyo katika kichwa kipya.

Chukua `Color Sampler Tool`, na kwenye upau wa juu weka `Sample Size` iwe `11 by 11 Average`, maana pikseli mojamoja zina chembechembe na zitakupa namba za bahati nasibu. Fungua paneli ya Info kwa F8. Kwa kuwa rangi imeshaondolewa, namba tatu za kila alama zitakuwa sawa au zitapishana kidogo sana, basi soma moja. Tuseme upande wa shingo, mbali na kivuli cha kidevu, unasoma 88. Ficha kichwa kipya, soma paji la uso la zamani: 118. Soma pia shavu lililo upande wenye kivuli: 79. Sasa rudisha kichwa kipya na upime sehemu zilezile, ukisogeza alama kama zimehama: paji linasoma 139, shavu la kivulini linasoma 81. Kivuli kinakubaliana, sehemu yenye mwanga imepanda kwa 21. Hii inakueleza sababu: uso wote haukuwa na mwanga zaidi, ila paji limeng'aa, pengine kwa sababu mama aliinua kichwa kidogo kuelekea uwazi wa anga au jasho limeanza kupenya poda. Kushusha kichwa chote kwa `Brightness` kungekifanya kivuli kiwe kizito kuliko kilivyokuwa kwenye kichwa cha zamani, na hapo ndipo wahariri wengi huanza kuzunguka wakirekebisha marekebisho yao.

Weka `Curves` juu ya leya ya kichwa na uibane kwa `Ctrl+Alt+G` ili iguse kichwa tu. Tia nukta moja kwenye 81 na uishushe hadi 79, nyingine kwenye 139 ukiishusha hadi 118. Badilisha hali ya leya hiyo ya Curves iwe `Luminosity`, la sivyo rangi ya ngozi itasogea pia na utakuwa na tatizo jipya ukirudisha rangi. Kisha tazama uso na usitazame namba. Kama ngozi imekuwa kama udongo mkavu, umeshusha mng'ao kupita kiasi. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao wa paji, mashavu na pua kuliko kwa vivuli, na uso usio na mng'ao kabisa unaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Punguza `Opacity` ya Curves hadi 70 au 80 hivi, na kama paji pekee ndilo linaloshtua, chora kwenye maski ya Curves liathirike hilo tu.

Swali la pili, la upande wa mwanga, halipimwi kwa namba. Angalia kivuli cha pua kimelalia upande gani na kivuli cha kidevu kimeanguka wapi shingoni. Mkiwa mmesimama kivulini nje, mwanga ni laini na vivuli ni hafifu, lakini vipo, na picha isiyo na rangi huvionyesha vizuri. Tatizo la kawaida hapa ni kivuli cha kidevu cha zamani kubaki shingoni. Kama kichwa kipya kimeinuka, kivuli kile kinakuwa chini mno na kuna ukanda mwepesi kati yake na kidevu. Kioshe kwa leya ya Curves ya kung'arisha shingo pale tu, kisha chora kivuli kipya karibu na kidevu kwa Curves ya kutia giza, kwa brashi laini yenye `Flow` ya asilimia 5 hadi 10.

Ukiwa bado kwenye kijivu, ongeza juu yake leya ya `Levels` na usogeze ile pembe tatu ya katikati kutoka 1.00 hadi 2.00. Sehemu nyeusi zitafunguka. Nywele nyeusi mbele ya mti mzito au suti nyeusi ya jirani huficha mabaki ya kazi kwenye skrini, hasa ikiwa mwanga wa skrini umepunguzwa, na mashine ya kuchapa yenye karatasi ya kung'aa inaweza kuyafichua. Ukishaona, futa leya hiyo.

Kijivu hakikuambii lolote kuhusu rangi. Kichwa kinaweza kufaulu hapa kikawa na ubluu wa anga wakati shingo ina umanjano wa kuta za jirani. Zima leya nyeusi, weka `Hue/Saturation` juu ya yote na upandishe `Saturation` hadi +60. Kilichojificha kitapiga kelele. Rekebisha kwa `Color Balance` iliyobanwa kwenye kichwa, kisha ondoa leya ya kukagulia.

Mwisho ni saizi kamili, yaani asilimia 100: pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Bonyeza `Ctrl+1`. Usikague kwa 66.7 au 33.3, kwa sababu hapo Photoshop inakadiria pikseli ili zitoshe, na ukadiriaji huo hulainisha chembechembe na kingo, yaani hufuta vilevile unavyovitafuta. Wala huna haja ya asilimia 400. Fanya hesabu ya karatasi yako: faili la pikseli 6000 kwa 4000 likichapwa inchi 30 kwa 20 linatoa pikseli 200 kwa inchi. Skrini ya kawaida ya mezani huwa na takriban pikseli 90 hadi 110 kwa inchi, hivyo unachokiona kwa asilimia 100 ni kikubwa karibu maradufu ya kitakavyokuwa ukutani. Kisichoonekana hapo hakitaonekana kwenye karatasi. Kama unatumia laptopu yenye skrini ya pikseli nyingi sana, kagua kwa asilimia 200, maana pale 100 ni ndogo mno kwa jicho.

Usirukeruke. Bonyeza `Home` upate kona ya juu kushoto, kisha `Page Down` kushuka skrini nzima na `Ctrl+Page Down` kwenda kulia, hadi umalize picha yote. Kosa la kubadilisha kichwa linaweza kuwa mbali na kichwa: kipande cha mtandio wa zamani begani kwa jirani, au brashi iliyogusa ukuta.

Ukifika kwa mama, anza na chembechembe. Tazama paji lake, kisha paji la aliye kando yake. Ukipunguza kichwa, pikseli zinachanganywa na chembechembe zinafifia, na ukisafisha ngozi zinakwisha. Uso laini kati ya nyuso zenye punje hutambulika hata na asiyejua sababu. Tengeneza leya mpya iliyojazwa kijivu cha asilimia 50, hali yake `Overlay`, ibane kwenye kichwa, kisha `Filter > Noise > Add Noise`, chagua `Gaussian` na `Monochromatic`, anza na asilimia 2. Punje zikiwa kali kuliko za jirani, zipitishie `Gaussian Blur` ya pikseli 0.3 hadi 0.5. Kichwa kipya kikiwa ndicho chenye chembechembe nyingi zaidi, pengine picha ya pili ilipigwa kwa ISO ya juu, na hapo utazipunguza kwenye Camera Raw kabla ya kitu kingine.

Kisha ukali wa picha. Linganisha kope na mshono wa ukosi wa gauni lake mwenyewe. Kope zikiwa kali na mshono umefifia, kichwa kimetoka kwenye picha iliyolengwa vizuri zaidi, nacho unaweza kukilainisha kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 0.4 hivi. Ikiwa ni kinyume, usijaribu kukinoa. Kunoa hakurudishi kope ambazo lenzi haikuzinasa, kunatia mstari mweupe tu kuzunguka kila kitu. Chagua picha nyingine.

Halafu ukingo. Tafuta ukingo wa kweli ulio karibu, kwa mfano bega lake dhidi ya usuli uleule, na uhesabu pikseli ngapi zinatumika kutoka nguo hadi usuli. Mara nyingi ni 2 au 3. Ukingo wa maski yako uwe na upana huohuo. Wenye pikseli 1 unaonekana kukatwa kwa mkasi, wenye 8 unatia ukungu. Ukiona mstari mwepesi kuzunguka kilemba au nywele, huo ni usuli wa picha ya pili uliofuatana na kichwa. Fungua leya tupu iliyobanwa juu ya kichwa, iweke `Darken`, chukua `Clone Stamp` na kwenye upau wa juu weka `Sample` iwe `Current & Below`, kisha uchote nywele za ndani na kuzipaka ukingoni. Kwa hali hiyo brashi itagusa sehemu nyepesi tu.

Mwisho wa kabisa, shika `Alt` na ubofye kijipicha cha maski yenyewe ili uione peke yake. Sehemu inayotakiwa kuwa nyeusi iwe nyeusi kabisa, na inayotakiwa kuwa nyeupe iwe nyeupe kabisa. Michirizi ya kijivu ndiyo inayoleta hereni ya pili hafifu chini ya sikio, au kivuli cha sikio la zamani shavuni. Iliyo nje ya kichwa ipake nyeusi, iliyo ndani yake ipake nyeupe. Kisha zima leya zote za kukagulia, toa JPEG ya kupeleka kuchapwa, ifungue hiyo JPEG yenyewe na upite uso wa mama mara moja zaidi kwa asilimia 100. Unoaji unaofanyika wakati wa kutoa faili huweza kurudisha ukingo uliokwisha kuulainisha, na fundi wa kuchapa atapokea faili hilo, si lile lenye leya.